Alhamisi, Saa Nane Hadi Alasiri

Kasiani alinipa mwezi mmoja. Alikuja kutoka Lukuledi kwa bodaboda, akanywa uji wangu vikombe viwili, akazunguka mashine ya kusaga kama mtu anayechagua mbuzi, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba inakula dizeli kuliko inavyoingiza. Mwezi ukiisha bila mabadiliko, angeleta fuso, aing'oe, aipeleke Nanganga, barabarani, kwenye watu. Mimi angenipa nusu yangu ya faida, kila mwezi, bila wasiwasi.

Kasiani si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi. Yeye na marehemu mume wangu, Dauda, Baba Ashraf kwa majirani, waliinunua mashine hiyo nusu kwa nusu mwaka ule korosho ilipolipa vizuri. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini mimi bila mashine ningekuwa mjane wa kutumiwa hela kwenye simu. Kibanda hiki Dauda alikijenga kwa mikono yake, na alifia humu, kwenye benchi la mbao lililo kando ya injini. Kuing'oa mashine hapa niliona ni kumzika mara ya pili, tena bila watu.

Nikamwambia Kasiani kwamba huwezi kusema watu hawaji bila kujua ni saa ngapi hawaji. Alicheka. Akasema basi hesabu, shemeji.

Nilihesabu. Nilipanga makopo ya maziwa kwenye rafu, kopo moja kwa kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kila ndoo ya mahindi au makopa ya muhogo iliyosagwa, Nurdini alitumbukiza punje moja kwenye kopo la saa hiyo. Nurdini ndiye mwendesha mashine wetu, mtu mzima mwenye wake wawili na maneno machache. Jioni nilimwaga punje, nikaandika kwenye daftari siku na saa, nikarudisha makopo matupu. Alinitazama siku za mwanzo kama niliyeshikwa na kitu, lakini alitumbukiza.

Hesabu yenyewe si ngumu, ni ya kukaa nayo tu. Ndoo tatu kwa saa zinalipa dizeli. Ya nne ni ya Nurdini. Ya tano ni ya mkanda, nyundo na wavu, maana vyote huchakaa. Ya sita ndiyo yetu mimi na Kasiani. Saa yoyote yenye ndoo mbili ni saa ya kuchoma mafuta kuwafurahisha majirani.

Na tulikuwa tunachoma kweli. Tangu enzi za Dauda, injini haizimwi mchana. Huku kwetu, kwenye njia ya kushuka kutoka Newala kwenda Masasi, hatuna kibao. Watu husikia mlio wakajua tumefungua. Isitoshe injini ni kongwe, kuiwasha kwa hendeli kunamtoa Nurdini jasho hata katika baridi ya Julai. Kwa hiyo iliachwa ikinguruma yenyewe, tupu, saa baada ya saa.

Wiki mbili zilinionyesha niliyokuwa nayapita bila kuyaona. Asubuhi hadi saa nne makopo yanajaa. Saa nne hadi saa nane watu wako shambani, punje moja moja. Kuanzia saa kumi yanajaa tena. Jumatatu hakuna mtu, kwa sababu Jumamosi wamesaga unga wa wiki nzima. Jumapili asubuhi hakuna, lakini baada ya misa wanamiminika. Basi nikafanya mambo matatu. Jumatatu nikafunga kabisa. Jumapili nikafungua saa sita. Na kila siku, kuanzia saa nne, nikaamuru injini izimwe, ndoo zipangwe mstari mlangoni, na isiwashwe mpaka zifike tano. Wanawake walilalamika siku mbili, siku ya tatu wakawa wanaacha ndoo zao na kwenda zao. Hakuna aliyehama. Aliyezoea kuja saa tano alikuja saa tatu.

Dizeli ilishuka karibu theluthi moja. Nilimpigia Kasiani simu nikiwa nimevimba kichwa. Akaniuliza ndoo ngapi kwa wiki. Nikamwambia mia moja na kumi na moja. Akasema kwa mafuta hayo mapya angeridhika na mia na ishirini. Zikifika hizo, mashine ibaki. Zisipofika, Nanganga inatoa mia mbili.

Zilipungua tisa tu. Ningeweza kulia.

Nilirudi kwenye daftari kutafuta tisa zangu, na ndipo nilipoiona Alhamisi.

Ijumaa ni siku ya gulio letu. Mwenye vitumbua, mwenye mikate ya kumimina, mwenye uji wa kuuza, wote husaga Alhamisi mchana ili waamke na unga mpya. Dauda alikuwa akisema Alhamisi saa nane ndiyo inayomlisha. Lakini kopo la saa nane, Alhamisi, lilikuwa tupu. La saa tisa pia. Wiki ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya tatu tupu. Saa nyingine mbovu zilikuwa na punje moja, mbili, mtu aliyechelewa, mtoto aliyetumwa. Hizi hazikuwa na hata punje ya bahati mbaya. Halafu alasiri ikishaadhiniwa, kopo la saa kumi lilijaa ghafla, watu wanabanana, giza linaingia wengine bado hawajasaga, na wanajitwisha ndoo zao kwenda mashine ya kijiji cha pili.

Nilimwuliza Nurdini. Alisema Alhamisi mchana huwa wamechoka. Nikamwuliza wamechoshwa na nini kisichowachosha Jumatano. Akainama kupaka mkanda nta, mkanda ambao alikuwa ameupaka asubuhi.

Mwezi ulikuwa umebakiza Alhamisi mbili. Ile ya kwanza nikaamua kuangalia kwa macho yangu, kwa sababu punje husema aliyeingia, hazisemi aliyefika akageuka. Nilimwacha Nurdini ndani, injini imezimwa, nami nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu, upande wa pili wa uwanja, najifanya napepeta mchele. Ukungu siku ile uligoma kuondoka. Mikorosho ya ng'ambo ya barabara ilionekana nusunusu, mashina tu.

Saa nane ilipofika, mwanamke alitokea chini ya mikorosho. Ana ndoo kichwani. Hakuvuka. Akaja mwingine akasimama kando yake, kisha wa tatu. Nilimtambua Rukaiya, binti wa vitumbua, kwa khanga yake ya manjano. Nikahesabu tisa. Hawakuzungumza. Hawakutua ndoo, na ndoo ya mahindi si kofia, shingo inauma. Walisimama mstari, nyuso zimeelekea kibanda cha mashine, kama watu walioitwa wakaambiwa wasubiri.

Niliita, "Jamani, karibuni, kuko wazi."

Hakuna aliyeitika. Rukaiya alinitazama, akarudisha macho kibandani. Nikafuata macho yake. Mlango ulikuwa wazi, na kilichoonekana kutoka pale ni benchi la Dauda, hakuna kingine. Nurdini hakuwa amelikalia. Alikuwa amejibanza kona ya nyuma juu ya kiroba, na ndipo nikakumbuka kwamba tangu mume wangu afe sijamwona hata siku moja akikaa benchi lile.

Nywele zilinisimama, nasema kweli. Nilikaa na ungo wangu mapajani zaidi ya saa nzima, sithubutu kuvuka wala kuingia ndani. Walibadilisha mguu, walipumua, mvuke ukiwatoka mdomoni, basi. Adhana ya alasiri ilipoanza kule msikitini, walivuka barabara wote kwa pamoja, wakatua ndoo mlangoni, wakaanza kusogoa na kugombania nafasi kama siku zote. Nurdini akashika hendeli.

Niliingia nikiwa na hasira ya mtu aliyeogopeshwa. Niliwauliza mbele ya wote walikuwa wanasubiri nini. Rukaiya aliangua kilio. Wengine waliangalia ndoo zao. Aliyenijibu ni Bibi Emilia, mzee wa makamo ya mama yangu, anayeuza uji. Alinishika mkono, akanitoa nje hadi nyuma ya kibanda, kwenye pumba.

Nitasema kwanza nilichokijua mimi. Dauda alikufa Alhamisi, Julai iliyopita. Nurdini alikuwa ameenda Newala mjini kununua dizeli tangu adhuhuri, mimi nilikuwa msibani Lisekese. Nurdini alirudi wakati wa alasiri, akakuta injini inanguruma na Dauda amekaa kwenye benchi, ameshakata roho. Kwenye kopo la hela kulikuwa na malipo ya ndoo tisa. Zile tisa zilinifaa sana wakati wa eda. Miezi minne na siku kumi nilikuwa najiambia, alisaga ndoo tisa mchana ule, akamhudumia kila mtu, ndipo akaketi kupumzika na Mungu akamchukua. Sikujua faraja nyingine kubwa kuliko hiyo.

"Hakusaga," Bibi Emilia aliniambia. "Tulisaga wenyewe."

Kila mtu alijua tabia ya Dauda. Mchana alisinzia, kofia imemfunika macho, na wateja wake wa siku zote walijimiminia mahindi, wakavuta kibao cha kushushia mahindi, wakakinga unga, wakaweka hela kwenye kopo lililo karibu na goti lake. Hata mimi nilimtania kwa hilo. Na huku kwetu mkubwa aliyelala haamshwi kwa ajili ya salamu. Hata mtoto anajua, mtu aliyelala hapewi shikamoo. Unapita polepole, unashika adabu yako.

"Tulipita wote tisa," alisema Bibi Emilia. "Mmoja mmoja. Mguu wake ulikuwa unacheza. Tukasema Baba Ashraf leo anaota ngoma. Kumbe ni injini, mama. Injini ilikuwa inatikisa benchi."

Nilitaka anyamaze, lakini hakunyamaza. Nadhani alikuwa amebeba mwaka mzima.

"Kofia ilidondoka. Nikaiokota, nikamvika. Paji lilikuwa baridi. Nikasema ni baridi ya Julai." Aliiangalia mikono yake. "Na unga ule tuliula, Mama Ashraf. Tuliuuza gulioni."

Alisema pia kwamba walikubaliana siku ya maziko wasiniambie. Nurdini alijua kwamba alikufa kabla hawajamaliza kusaga, alikadiria kwa dizeli iliyotumika na kwa mwili ulivyokuwa. Na tangu pale hakuna kati yao aliyeweza kuvuka mlango ule Alhamisi kabla ya alasiri. Hawakupanga. Kila mmoja alifika saa yake ileile, akasimama, akakuta mwenzake amesimama. Rukaiya alikuwa akisema anaona mguu.

Nilimwuliza swali moja tu. Nilimwuliza kama Dauda alikuwa amekwisha kufa Rukaiya alipoingia, maana Rukaiya ndiye aliyetangulia. Bibi Emilia alisema hajui. Hakuna ajuaye. Hilo ndilo linalowasimamisha kwenye mikorosho.

Usiku ule na siku tatu zilizofuata niliwachukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliwachukia kwa adabu yao. Mmoja tu angekuwa mjeuri, angemtikisa bega mume wangu akamwambia Baba Ashraf amka unainyea faida, pengine ningekuwa naye leo. Nilijichukia na mimi na Lisekese yangu. Nikampigia Kasiani nimwambie aje na fuso hata kesho. Hakupokea, alikuwa kanisani. Alipopiga yeye nilikuwa nimepoa kidogo, nikamwuliza habari za mahindi ya huko.

Akaniuliza kama nimezipata zile tisa. Nikamwambia najua zilipo.

Kwa daftari jambo lilikuwa jepesi. Saa mbili zisizo na mtu hufungwa. Ningeandika Alhamisi tumefunga kuanzia adhuhuri, nimalize, na Kasiani mwenyewe angesema hivyo. Lakini Jumatatu wateja hawakuwepo, na Alhamisi walikuwepo, tisa, wamejitwisha, ng'ambo ya barabara. Ukifunga saa ya watu wa namna hiyo huokoi mafuta, unawafundisha njia ya mashine nyingine. Na baada ya alasiri hatuwezi kuwamaliza kabla ya giza. Ndoo zangu tisa hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zinaogopa.

Zilikuwa na haki ya kuogopa. Hata mimi niliogopa.

Jumatano nilituma salamu kwa Bibi Emilia awaambie wenzake: kesho saa nane kamili mashine itawaka, haisubiri ndoo tano wala ndoo moja, na kwenye benchi atakuwa amekaa mtu, na mtu huyo ni mimi. Asiyetaka asije. Jumamosi Kasiani anakuja na fuso.

Nurdini aliposikia alisema ni kuchoma dizeli bure. Nikamwambia wiki zote nimechoma kwa kutojua, hii nachoma nikijua.

Alhamisi ukungu ulikuwepo tena. Nurdini alizungusha hendeli mara nne, injini ikakohoa, ikashika, mlio ukatanda hadi bondeni. Niliketi. Sikuwahi kulikalia benchi lile tangu afe. Mbao zilikuwa zimelika mahali pake, na nikaingia humo humo. Mtetemo ulianzia makalioni ukashuka mapajani, na nilipotazama chini niliona mguu wangu wa kulia unacheza, kidogo kidogo, kama wa mtu anayefuata ngoma. Nilijaribu kuutuliza ukakataa. Niliuangalia mguu huo kama si wangu. Nikawaza alivyokaa hapa na mguu wake ukiwadanganya watu, na watu wakapita wakishika adabu. Nikalia, si kwa sauti, na hata kama ingekuwa kwa sauti nani angesikia.

Dakika zilienda. Ng'ambo, chini ya mikorosho, walikuwa wamekwisha simama. Nilihesabu khanga. Nurdini alitazama tangi la mafuta, akanitazama mimi. Nusu saa ilichomeka hivyo, na mimi nikawa nimeanza kuiona fuso ikipanda mlima.

Kisha khanga ya manjano ikavuka.

Rukaiya aliingia ndoo ikiwa bado kichwani, macho yake kwenye mguu wangu. Uso ulikuwa umempauka. Alisimama mbele yangu, mahali hasa alipopita mwaka jana, na nikaona midomo yake inatamka. Injini ilimeza neno. Nilijua ni neno gani, lakini nilikuwa bado nalia, nilimkodolea tu bila kuitika. Wengine wanane walikuwa wamefika mlangoni wakasimama hapo hapo.

Rukaiya hakwenda kumimina mahindi. Alitua ndoo sakafuni, akampita Nurdini, akaizima injini kwa mkono wake mwenyewe.

Mlio ukakatika. Mguu wangu ukatulia. Alirudi, akapiga magoti mbele ya benchi, akanishika goti, akasema polepole ili asikie atakachojibiwa.

"Shikamoo, Mama Ashraf."

Alingoja. Wote waliongoja mlangoni walingoja naye, na ndoo zote tisa zilikuwa zimeshatuliwa chini.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Nipo." Kisha nikamwambia Nurdini ashike hendeli.